Jozi mlinganuo finyu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuthibitisha tofauti ya sauti

Majibu haya yametokana na maswali ya wanafunzi wa fonolojia, hasa wanaotafiti lahaja zao wenyewe. Mifano mingi ni ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, kwa sababu kina tofauti moja ambayo maandishi sanifu hayaionyeshi. Kwa hiyo anayeitafuta hana budi kutegemea masikio. Herufi yenye alama ya ritifaa baada yake, kama p' au k', ina mpumuo: pumzi hutoka kwa kishindo midomo au ulimi unapoachia. Katika ng' peke yake alama hiyo ina kazi yake ya kawaida.

Jozi mlinganuo finyu ni nini?

Ni maneno mawili yenye maana tofauti ambayo matamshi yake yanalingana kila mahali isipokuwa sauti moja, iliyo mahali pamoja katika maneno yote mawili. *Pata* na *bata* ni jozi. *Pata* na *data* nayo ni jozi. *Pata* na *bati* si jozi, maana zimetofautiana mwanzoni na mwishoni, na huwezi kujua ni sauti ipi iliyobadilisha maana.

Kinachohesabiwa ni matamshi. Nimepokea kazi nyingi ambamo mwanafunzi amelinganisha herufi, akahesabu *sh* kuwa sauti mbili kwa kuwa ina herufi mbili, kisha akaiondoa jozi nzuri ya *shika* na *fika* kwenye orodha yake.

Kwa nini jozi moja tu inaweza kuthibitisha tofauti?

Kwa sababu inafunga mlango wa maelezo mengine. Sauti mbili zikitokea katika mazingira yaleyale, hakuna kanuni ya jirani inayoweza kukuambia itokee ipi. Huwezi kusema “p hugeuka kuwa b ikiwa mbele ya a”, maana zote mbili ziko mbele ya *a*. Msemaji anachagua mojawapo kwa sababu neno analolitaka limehifadhiwa hivyo kichwani mwake.

Ila jozi huthibitisha jambo hilo moja tu: kwa wasemaji hawa, mahali hapa, tofauti hii haitabiriki kutokana na sauti zinazoizunguka. Makosa mengi yanayoelezwa hapa chini hutokana na kuibebesha jozi mzigo zaidi ya huo.

Nipe mfano mmoja kamili, hatua kwa hatua.

Tuchukue *paa*. Katika kamusi utakuta *paa* la nyumba na *paa* mnyama, yameandikwa sawasawa. Mzee wa Mombasa atakuambia si neno moja: la nyumba ni *paa*, mnyama ni *p'aa*. Vivyo hivyo *kaa* la moto na *k'aa* wa baharini. Swali letu ni kama mpumuo unatofautisha maana au ni namna ya kusema tu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua maneno yaliyo sawa kisarufi. Jozi *paa*/*p'aa* na *kaa*/*k'aa* zinafaa kwa sababu yote manne ni nomino. Ukianza na *taka* (kitenzi) na *t'aka* (uchafu), msikilizaji anaweza kusaidiwa na umbo la sentensi badala ya sauti.

Hatua ya pili ni kutafuta sentensi ya kubebea neno, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukisema “Nimeona paa hili”, *hili* limeshafichua kuwa ni paa la nyumba. Ukisema “paa huyu”, umemtaja mnyama. Upatanisho wa ngeli ni mzuri kwa mazungumzo, lakini ni sumu kwa jaribio la sauti. Tumia sentensi isiyopatanisha chochote, mfano “Nimesema ___ tena”. Neno linakuwa kati ya irabu na *t* kila mara, na hakuna dalili ya ngeli.

Hatua ya tatu ni kuondoa maandishi. Mwonyeshe msemaji picha: nyumba yenye mshale kwenye paa, mnyama, kaa jekundu la jikoni, na kaa wa pwani. Changanya picha, kila moja irudi mara tano, na katikati utie picha nyingine zisizohusika ili asigundue unachowinda. Utapata matamko 20.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi. Wachezee matamko hayo wasikilizaji wengine wa lahaja ileile, bila mpangilio, nao waonyeshe picha.

Kwa nini niwaulize wasikilizaji ikiwa mimi mwenyewe nimeisikia tofauti?

Kwa sababu wewe umefunzwa kuisikia, na pia unajua jibu. Pengine mpumuo upo mdomoni mwa msemaji lakini hauwasaidii wenzake kutambua neno. Pengine pia wewe unasikia unachokitarajia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila tamko msikilizaji huchagua kati ya picha mbili za jozi hiyo. Anayebahatisha atapata kiasi cha 10 kati ya 20. Uwezekano wa kupata 15 au zaidi kwa bahati tupu ni kama mara 2 katika 100. Kwa hiyo mtu akipata 18 una hoja, akipata 12 huna, hata kama msemaji wako ameapa kwamba tofauti ipo.

Usimwulize msikilizaji “je, haya ni maneno tofauti?” Bila shaka ni tofauti, moja linakinga mvua na jingine lina pembe. Mwulize “umesikia lipi?”

Je, kupima kwa kompyuta kunatosha?

Kunasaidia, hakutoshi. Kwa vipasuo kama *p*, *t* na *k*, kinachopimwa ni muda kati ya kuachia kwa midomo au ulimi na kuanza kutetemeka kwa nyuzi za sauti. Leigh Lisker na Arthur Abramson walipima lugha 11 mwaka 1964, wakakuta vipasuo visivyo na mpumuo hukaa kwa kawaida kati ya milisekunde 0 na 25, na vyenye mpumuo kati ya 60 na 100. Ukikuta *paa* zako zimekusanyika karibu na 15 na *p'aa* karibu na 70, bila kupishana, hali ni nzuri. Zikiwa zimesambaa na kuingiliana, rudi kwa wasikilizaji kabla hujaandika lolote.

Kumbuka kwamba *k* huchelewa kidogo kuliko *p* kwa maumbile yake tu. Linganisha *kaa* na *k'aa*, usilinganishe *paa* na *k'aa*.

Nimepata jozi kumi za mpumuo. Mwalimu anasema bado sijathibitisha fonimu mpya. Anataka nini?

Hili ndilo swali lenye nyama, na mwalimu wako ana haki. Fonimu ni sauti ambayo lugha yenyewe huitumia kutenganisha maana za maneno.

Panga orodha yako kwa ngeli. Upande wenye mpumuo utaona *p'aa*, *k'aa*, *p'aka*, *t'aka*, na *k'uta* (wingi wa ukuta). Zote ziko ngeli ya 9 au ya 10. Upande usio na mpumuo kuna nomino za ngeli ya 5, kama *paa* la nyumba na *kaa* la moto, na vitenzi, kama *paka* rangi, *taka* na *kuta*. Jozi ni kumi, lakini zote zinarudia tukio moja.

Sasa tazama vivumishi. Ngeli ya 9 hutanguliza nazali: *nyumba mbaya*, *nyumba ndefu*. Kwa *-kubwa* nazali haisikiki, lakini katika Kimvita husemwa *nyumba k'ubwa*. Linganisha na *jumba kubwa*, ngeli ya 5, bila mpumuo. Shina ni lilelile. Halafu angalia *ukuta*: katika umoja *k* haina mpumuo, katika wingi ni *k'uta*. Umoja na wingi wa *ulimi* hufanya vivyo kwa njia yake: *ndimi*.

Mpumuo basi ni nyayo za nazali iliyokuwa mbele ya *p*, *t*, *ch* au *k* ikapotea. Hapo una njia mbili za kuchambua. Ya kwanza: Kimvita kina fonimu *p* na *p'*. Ya pili: kina *p* tu, na *p'aa* ni nazali ya ngeli pamoja na *p*, na kanuni moja ndiyo inayozigeuza kuwa *p'*. Jozi *paa*/*p'aa* inakubaliana na njia zote mbili! Katika njia ya pili maneno hayo hayakutofautiana kwa sauti moja kugeuka, bali kwa sauti moja kuongezeka.

Kinachoweza kuamua ni maneno ambayo nazali ya ngeli haiwezi kudaiwa kuwepo: mpumuo katikati ya shina, katika vitenzi, au katika maneno ya mkopo yaliyoingia na mpumuo wake. Yakiwa mengi na wasemaji wakikubaliana juu yake, njia ya kwanza inapata nguvu. Yakiwa hayapo, njia ya pili ni nafuu. Kwa maoni yangu, mtoto wa Mombasa anayejifunza *p'aa* leo hana sababu ya kuwaza nazali, lakini anayejua *ukuta* na *k'uta* anayo. Sioni aibu kuandika katika ripoti kwamba tofauti ya kimatamshi imethibitishwa na hadhi yake ya kifonimu inategemea uchambuzi wa ngeli. Tangu mwaka 1934 mwanaisimu Yuen Ren Chao alishaonyesha kuwa data zilezile zinaweza kuwa na uchambuzi wa kifonimu zaidi ya mmoja.

Mbuni na mbuni ni jozi? Wengine huiita jozi, wengine homonimu.

Kimaandishi ni neno moja, kimatamshi ni mawili. Mbuni ndege ana silabi mbili: *mbu-ni*. Mbuni wa kahawa, na mbuni wa mitindo, wana silabi tatu: *m-bu-ni*. Katika hayo ya mwisho *m* inajitegemea.

Ukitazama juujuu utasema Kiswahili kina fonimu mbili za *m*, inayobeba silabi na isiyobeba. Uliza wingi kabla ya kusema hivyo. Ndege ni mbuni vilevile, mimea ya kahawa ni *mibuni*, watu wa mitindo ni *wabuni*. *M* ya silabi tatu ni kiambishi cha ngeli ya 1 au ya 3, na kati yake na *b* kuna mpaka wa mofimu. Tofauti inatokana na mpaka huo.

Wajerumani wana kisa kama hiki, kinachojulikana sana darasani. Sauti mbili zinazoandikwa *ch* kwao hutabirika kwa irabu iliyotangulia, moja ya nyuma kinywani na moja ya mbele. Lakini neno la keki na neno la “kijing'ombe” huonekana kuzipambanisha baada ya irabu ileile. Siri ni kwamba katika “kijing'ombe” *ch* imo ndani ya kiambishi tamati cha udogo, na irabu iko upande wa pili wa mpaka.

Kwa hiyo kila jozi ipitishe kwenye swali hili: je, maneno yote mawili yana mpaka wa mofimu mahali pamoja? Kama hapana, iweke kando mpaka upate isiyo na tatizo hilo.

Barabara na barabara zinathibitisha kuwa mkazo ni wa kifonimu katika Kiswahili?

Barabara ya magari hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, *baraBAra*. “Barabara!” kwa maana ya sawasawa hukazwa *baRAbara*. Ni jozi ya kweli na kila kitabu huitaja. Tatizo ni kwamba vitabu vingi huishia hapohapo.

Inaonyesha kuwa mkazo hautabiriki kwa asilimia mia. Haionyeshi kuwa lugha inautumia kutenganisha maneno. Kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho inashika maelfu ya maneno na huhama na viambishi: *PIga*, *piGAna*, *piganiSHAna*. Wanaoikaidi ni wachache, na wengi ni maneno ya mkopo. Jozi moja iliyoketi juu ya neno la kusisitizia ni msingi mwembamba. Iandike kama pekee iliyopatikana.

Sikupata jozi hata moja. Basi ni alofoni?

La. Alofoni ni sura mbalimbali za fonimu moja, na kukosa jozi ni kukosa jozi tu. Msamiati una mapengo kwa bahati, hasa kwa sauti zisizotumika sana kama *dh*, *th* na *gh*, zilizoingia kwa maneno ya Kiarabu.

Tumia jozi ya karibu. *Dhamana* na *thamani* zinatofautiana mwishoni pia, lakini yanayozizunguka *dh* na *th* ni yaleyale: mwanzo wa neno, mbele ya *ama*. Ili kudai kuwa hizi ni alofoni, ungehitaji kueleza kwa nini irabu ya mwisho kabisa, silabi mbili mbele, igeuze sauti ya kwanza. Kama huna maelezo yenye akili, tofauti imesimama. Nyingine ya kujaribu ni *dhana* na *zana*, ambayo ni jozi kamili, lakini soma swali linalofuata kwanza.

Ili kudai alofoni huna budi kuonyesha mgawanyo wa kutoana: sauti moja hutokea pale tu ambapo nyingine haitokei. Na hata huo hautoshi kama sauti zenyewe hazifanani kabisa.

Kura na kula: rafiki yangu hazitofautishi. Jozi imevunjika?

Haijavunjika, ila si yake. Tofauti ya sauti ni mali ya wasemaji. Lugha kadhaa za Kibantu zina sauti moja tu katika eneo la *l* na *r*. Kigikuyu, kwa mfano, kina *r* na hakina *l* yake ya asili. Mtu aliyekulia humo anaweza kusema Kiswahili kwa ufasaha huku *mahali* na *mahari* zikibadilishana kinywani mwake bila yeye kugundua. Vivyo hivyo kwa *dhana* na *zana*: wengi mno husema *zana* kwa zote mbili.

Hatari kubwa iko kwenye orodha iliyochanganya wasemaji. Nimeona orodha ya mpumuo ikitaja *tembo* (pombe ya mnazi) na *t'embo* (mnyama) kama jozi ya Kimvita. Wazee wengi wa Mombasa humwita mnyama huyo *ndovu*. Ukiwalazimisha wataje *tembo* kwa mnyama, unarekodi neno la kuazima kutoka Kiswahili cha kwingine, na mpumuo wake hauwezi kuwa ushahidi wa lahaja yao. Jozi ni halali pale tu ambapo mtu mmoja hutumia maneno yote mawili katika usemi wake mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo jihadhari na kamusi. *Ng'oa* na *ngoa* ni jozi safi ya *ng'* na *ng*, ila vijana wengi hawalijui *ngoa* kwa maana ya wivu. Ukiwasomesha neno wasilolijua, watalitamka kwa kufuata herufi.

Kuna ubaya gani kumpa mtu orodha aisome?

Orodha ya jozi ndiyo inayomfichulia mtu unachokitafuta. Akiona maneno mawili yanayofanana yamewekwa bega kwa bega, anajitahidi kuyatenganisha. William Labov, katika utafiti wake wa jiji la New York uliotoka mwaka 1966, aliweka usomaji wa jozi kwenye kilele cha usemi wa uangalifu. Wasemaji walitamka *r* ya mwisho wa silabi mara nyingi zaidi walipokuwa wakisoma jozi kuliko walipokuwa wakipiga soga. Ukichukua jozi peke yake utadhani wote wana hiyo *r* siku zote.

Upande wa pili upo pia. Maandishi yakiwa sawa, kama *paa* na *paa*, msomaji huzitamka sawa. Mara yangu ya kwanza niliandika vikadi, kimoja “paa (nyumba)” na kingine “paa (mnyama)”. Msemaji wangu akasoma vyote bila mpumuo, kwa sauti ya shuleni. Nilipokunja vikadi na kuomba maji ya kunywa, akaanza kunisimulia jinsi babake alivyowinda, na *p'aa* ikatoka mara tatu kwa dakika moja, na kinasa sauti nilikuwa nimeshakizima.

Je, wingi wa jozi unaonyesha kwamba tofauti ni imara zaidi?

Kwa kiasi. Tofauti inayobeba jozi nyingi za maneno ya kila siku ina kazi kubwa, na kuipoteza kungechanganya mazungumzo. Lakini idadi ghafi hudanganya. Jozi ambazo moja ni kitenzi na nyingine ni nomino hazigongani mara nyingi katika sentensi halisi. Katika Kiswahili hata nomino mbili hutenganishwa na upatanisho: *paa hili* na *paa huyu* hazichanganyiki hata mpumuo ukifa. Wako mamilioni wanaosema Kiswahili bila mpumuo na sijasikia mtu aliyempandia swala akidhani anaezeka nyumba.

Niandike nini kwenye ripoti badala ya orodha tupu?

Kwa kila jozi taja ngeli au aina ya kila neno, nani aliyesema, alisema akisoma au akizungumza, mpaka wa mofimu uko wapi, na wasikilizaji wangapi walitambua mara ngapi. Jozi tatu zenye maelezo hayo nazipokea kabla ya thelathini zilizochotwa kwenye kamusi. Ukiwa na zile thelathini tayari, zipange kwa ngeli leo kabla hujarekodi, halafu uone ngapi zinabaki.